Mdhamini Anadaiwa Lini?

Agosti 2017 soko la SIDO pale Mwanjelwa liliungua. Kwa wafanyabiashara wa Mbeya halikuwa jambo geni: soko hilohilo liliwahi kuungua mwaka 2011, na kabla ya hapo, mwaka 2006, lilikuwa limeteketea soko kuu la Mwanjelwa lenyewe. Kila moto wa namna hiyo huacha makundi mawili ya watu wenye hasara. La kwanza wote wanalijua, ni wenye vibanda. La pili halionekani kwenye majivu. Ni walimu, wauguzi, wauza mchele na mafundi cherehani ambao mali yao haikuwa sokoni, ila miezi kadhaa nyuma waliitwa kwenye ofisi fulani ya mikopo, wakaambiwa, "Kaka, ni sahihi tu hapa kwenye mdhamini namba moja," wakasaini, wakarudi kwenye shughuli zao.

Kundi hili la pili ndilo lenye maswali magumu. Aliyeunguliwa anajua kwamba anadaiwa. Aliyemdhamini huwa anaamini mambo mawili: kwamba moto umeufuta mkopo, na kwamba hata usipofutika, yeye hawezi kuguswa mpaka mkopaji mwenyewe aburuzwe mahakamani na kushindwa. Mambo yote mawili hayako hivyo.

Tuanze na moto. Mkataba wa mkopo ni ahadi ya kurudisha fedha, na fedha hazikuungua. Kilichoungua ni bidhaa zilizonunuliwa kwa fedha hizo. Sheria ya Mikataba inakubali kwamba ahadi isiyowezekana tena kutekelezwa hufa, lakini kukosa uwezo wa kulipa haihesabiki kuwa kutowezekana. Hata ile bima ya mkopo inayokatwa siku ya kupokea fedha kwa kawaida inahusu kifo na ulemavu wa kudumu wa mkopaji, haihusu marobota ya mitumba. Mkopaji akifariki, mdhamini aulize kuhusu bima hiyo kabla hajatoa hata shilingi moja, maana mara nyingi familia haijui kama ilikatwa. Kibanda kikiungua, haimsaidii.

Jambo la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoumia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 na ilichukua maneno mengi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Kifungu cha 80 kinasema, kwa maana yake, kwamba wajibu wa mdhamini unalingana na wajibu wa mkopaji, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Kulingana huko hakumaanishi kiasi peke yake. Kunahusu pia wakati. Siku ile mkopaji anaposhindwa kulipa kilichofikia tarehe yake, siku hiyohiyo mdhamini naye anadaiwa. Mkopeshaji anaweza kumshitaki mkopaji peke yake, kuwashitaki wote wawili, au kumwacha mkopaji na kumfuata mdhamini.

Kesi iliyolieleza jambo hili kwa uwazi ilitoka Bihar, India, na Mahakama ya Juu ya huko iliiamua miaka ya 1960. Benki ya Bihar ilikuwa imemkopesha Damodar Prasad, naye akadhaminiwa. Mahakama ya chini iliipa benki ushindi dhidi ya wote wawili, lakini ikaiwekea sharti: isimguse mdhamini mpaka imalize njia zote za kumbana mkopaji. Mahakama ya Juu ililiondoa sharti hilo. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama mkopeshaji atalazimika kumfukuzia mkopaji mpaka mwisho ndipo amgeukie mdhamini, dhamana hiyo ina faida gani? Kwa kuwa maneno ya sheria yetu yametoka kwenye chungu kimoja na ya kwao, hoja hiyo inatuhusu na sisi.

Hebu sasa tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho, kwa tarakimu. Ni mfano wa kutunga, lakini hauna kitu ambacho afisa mikopo yeyote wa Mwanjelwa hajakutana nacho.

Muuza mitumba amekopa shilingi 6,000,000 kwenye kampuni ya mikopo yenye leseni ya Daraja la Pili, yaani wale wasiopokea amana za wateja chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, inayokokotolewa kwenye mkopo wote tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa miezi 12. Kiwango hicho kipo chini ya kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi ambacho Benki Kuu imewawekea watoa huduma wa daraja hilo. Rejesho la kila mwezi ni 680,000: kati yake 500,000 ni mtaji na 180,000 ni riba. Kwa dhamana ameweka kadi ya bajaji yake yenye thamani ya 3,000,000. Wadhamini ni wawili, mwalimu wa shule ya msingi na rafiki yao anayeuza mchele wa Kyela. Mkopaji amelipa marejesho manne, jumla 2,720,000. Mwezi wa tano soko likaungua.

Afisa mikopo hakwenda kwa muuza mchele, ambaye leo yuko Mbeya na kesho yuko Kyela. Alikwenda shuleni. Mshahara wa mwalimu unajulikana unaingia lini na wapi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuhusu ule mkopo wa jamaa yako."

"Marahaba. Lakini si mwenyewe yupo? Nimemwona juzi Kabwe."

"Yupo, ila hana kitu. Deni lililobaki ni 5,440,000, na fomu inasema wewe utalipa."

Swali la kwanza ambalo mwalimu alipaswa kuuliza ni hili: kati ya hizo 5,440,000, kilichofikia tarehe ni kiasi gani? Mkopaji amekosa rejesho moja. Kama mkataba haukusema kitu zaidi, deni lililoiva siku hiyo ni 680,000, na mdhamini hawezi kudaiwa zaidi ya anachodaiwa mkopaji mwenyewe. Ili kampuni idai zote kwa mkupuo, lazima mkataba uwe na kipengele kinachosema kwamba kukosa rejesho moja, au mawili, kunalifanya deni lote lililobaki lilipwe papo hapo. Mikataba mingi inacho. Lakini hata kikiwepo kuna swali la pili. Ndani ya zile 5,440,000 mtaji ni 4,000,000. Iliyobaki, 1,440,000, ni riba ya miezi minane, na saba kati yake bado haijafika. Je, kipengele kinairuhusu kampuni kudai riba ya miezi ya mbele huku ikidai mtaji wote leo? Hilo lisomwe kwenye mkataba wenyewe, lisichukuliwe kwenye mdomo wa afisa. Nimeona watu wakilipa riba ya aina hii kwa sababu tu hawakuomba taarifa ya mkopo inayotenganisha mtaji, riba na faini.

Kwa hiyo mdhamini akifuatwa, karatasi anazohitaji ni tatu: mkataba wa mkopo, fomu ya udhamini yenye sahihi yake, na taarifa ya mkopo inayoonyesha kila rejesho lililoingia. Fomu ya udhamini isomwe kwa kutafuta maneno mawili hasa. Moja ni kikomo: kuna fomu zinazomfunga mdhamini kwa kiasi kilichotajwa, na kuna zinazomfunga kwa mkopo, riba, faini na gharama zote za ukusanyaji. Jingine ni neno "atakapotakiwa". Fomu ikisema mdhamini atalipa atakapotakiwa kwa maandishi, basi kabla ya barua hiyo kumfikia deni halijawa lake, na afisa aliyekuja shuleni na pikipiki mikono mitupu hajafanya lolote la kisheria.

Sasa turudi kwenye ile bajaji. Tuseme baada ya moto mkopaji alikwenda kwenye kampuni akaomba arudishiwe kadi aiuze bajaji apate pa kuanzia. Meneja akamwonea huruma, akampa. Jamaa akaiuza na fedha zikaisha. Mwalimu hakuambiwa. Hapa sheria inasimama upande wa mdhamini bila kigugumizi: mdhamini ana haki ya kunufaika na kila dhamana ambayo mkopeshaji alikuwa nayo wakati udhamini unasainiwa, hata kama hakujua ipo, na mkopeshaji akiipoteza au kuiachia bila ridhaa ya mdhamini, wajibu wa mdhamini unapungua kwa thamani ya dhamana hiyo. Toa 3,000,000 kwenye 5,440,000 zinabaki 2,440,000. Ajabu ni kwamba kipengele hiki chenye fedha nyingi namna hii hakijulikani kabisa mitaani. Wadhamini wengi hawajui hata mkopaji aliweka nini, ilhali siku ya kusaini fomu iliandikwa ukurasa wa mbele: TV, friji, makochi, kadi ya pikipiki.

Kuna njia nyingine ambayo huruma ya meneja ingemfungua mwalimu zaidi ya hapo. Tuseme kampuni haikuachia bajaji, ila ilikaa na mkopaji ikasaini naye mkataba mpya: muda umeongezwa mpaka miezi 18, na ameongezewa 1,500,000 ainuke. Mdhamini hakuitwa. Sheria inasema mabadiliko ya masharti yaliyofanywa bila ridhaa ya mdhamini yanamwondolea wajibu kwa yote yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Na mkopeshaji akiingia makubaliano na mkopaji ya kumpa muda zaidi, mdhamini asiyeridhia anafunguliwa. Sababu yake ni ya haki tupu. Mwalimu alidhamini mkopo wa 6,000,000 wa mwaka mmoja. Hakudhamini mkopo mwingine uliozaliwa ofisini bila yeye.

Lakini ni lazima kutenganisha makubaliano na ukimya. Kampuni ikikaa miezi minane bila kumshitaki mkopaji, bila kumwandikia, ikisubiri tu, mdhamini hafunguliwi. Kusubiri peke yake hakubadilishi mkataba. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakaja na hoja kwamba "walinyamaza muda mrefu mno," hoja ambayo haina nguvu mpaka ukomo wa muda ufike, na kwa madai ya mkataba ukomo huo ni miaka sita.

Na kuna kikwazo kingine ambacho wanasheria wa wakopeshaji wamekiandaa vizuri. Chini kabisa ya fomu, kwa maandishi madogo, mara nyingi pameandikwa kwamba mdhamini anakubali mkopo kubadilishwa, kuongezwa au kurefushwa muda bila yeye kuarifiwa. Ukisaini hapo umekwisha kuridhia mapema, na kinga ya aya mbili zilizopita inayeyuka au inabaki kidogo sana. Mahakama huanza na mlichoandikiana. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele hatari kuliko vyote kwenye fomu ya udhamini, hatari kuliko hata kiasi cha mkopo, kwa sababu kiasi unakiona na hiki hukioni. Mtu ana haki ya kukataa kusaini mpaka mstari huo ukatwe na pande zote ziweke sahihi kando yake. Kampuni inaweza kumkatalia. Basi amejua anachoombwa.

Vipi kuhusu mali ya mwalimu? Hapa vitisho ni vingi kuliko sheria. Deni ni la madai, si la jinai, kwa hiyo polisi si wakusanyaji wa marejesho, ingawa mtu aliyekopa kwa kitambulisho cha kughushi anaweza kweli kushitakiwa kwa udanganyifu. Kampuni haina mamlaka ya kuja na vijana wanne kubeba makochi ya mdhamini ambayo hayakuwekwa dhamana. Inatakiwa ifungue shauri, ipate hukumu, iombe utekelezaji, na kazi hiyo ifanywe na dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Mwombe amri hiyo uisome. Na hata akiwa nayo, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaweka kando vitu visivyokamatwa kwa hukumu ya deni: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Hili la nyumba huwashangaza wengi. Mdhamini aliyesaini fomu tupu, bila kuweka rehani, si rahisi kung'olewa kwenye nyumba anayolala.

Mambo hubadilika kabisa kama aliweka hati ya kiwanja chake kuwa rehani ya mkopo wa rafiki. Hapo mkopeshaji hahitaji kuipitia njia ya kukamata mali kwa hukumu. Nyumba ilikwisha kutolewa kwa hiari. Bado ana taratibu za kisheria za kufuata: ilani ya kushindwa kulipa yenye siku 60, kisha ilani ya kusudio la kuuza, na mnada wenyewe kutangazwa hadharani angalau siku 14 kabla. Na kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume ilipaswa kupatikana kabla ya rehani kuandikwa. Minada mingi husimamishwa au kupingwa kwa mlango huo wa ridhaa. Lakini mwenzi aliyepelekewa fomu akaweka dole gumba naye amekwisha kuufunga.

Kwenye SACCOS habari ni fupi na kali zaidi. Mdhamini huwa mwanachama mwenzake, na akiba yake ndiyo inayoshikiliwa. Hakuna kesi wala dalali. Mkopaji akikwama, akiba inakatwa kwa mujibu wa masharti ya chama, na anayetaka kujitoa uanachama wakati mkopo aliodhamini haujaisha huambiwa asubiri. Kwenye vikundi vya wanawake vinavyokopeshwa kwa dhamana ya pamoja ni hivyohivyo kwa njia nyingine: siku ya rejesho haondoki mtu mpaka hesabu itimie, na aliyekosa huchangiwa palepale.

Kundi moja linastahili kutajwa hapa kwa sababu linatishwa bure. Ni wale wanaopigiwa simu na kutumiwa ujumbe wa matusi kwamba fulani amekopa na wewe ndiye mdhamini wake, wakati hawakusaini chochote. Namba zao zilichotwa kwenye simu ya mkopaji alipopakua programu ya mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mtu ambaye namba yake imeandikwa tu kama ya mawasiliano hana mkataba na yeyote. Hadaiwi hata senti, na ujumbe huo ni ushahidi wa kulalamika, kwa Benki Kuu ambayo ina tawi lake Mbeya, au kwa Tume inayosimamia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa kausha damu nao hutumia ujanja wa jirani yake: wanaandika majina ya wadhamini wao wenyewe, au wanamsainisha mtu karatasi isiyojazwa kiasi. Udhamini uliopatikana kwa kudanganywa jambo la msingi la mkopo hauna nguvu, ila ni lazima uthibitishe, na karatasi tupu yenye sahihi yako halisi ni ushahidi mgumu kuupangua.

Turudi kwa mwalimu. Amekubaliana na kampuni kwamba kwa kuwa iliachia bajaji, atalipa 2,440,000, na amelipa zote yeye. Stakabadhi yake isiandikwe tu jina la mkopaji kama kawaida. Iandikwe kwamba fedha zimelipwa na yeye, akiwa mdhamini, kwa ajili ya mkopo namba fulani. Mstari huo mmoja ndio utakaomfungulia milango miwili. Wa kwanza ni kwa muuza mchele. Wadhamini wenza wa deni moja huchangia sawa kwa sawa, isipokuwa kama walipatana vingine, kwa hiyo mwalimu anamdai mwenzake 1,220,000, bila kumsubiri mkopaji. Wa pili ni kwa mkopaji. Mdhamini aliyelipa kihalali ana haki ya kurudishiwa na mkopaji alichokilipa, hata kama hawakuandikiana ahadi hiyo, na anavaa viatu vya mkopeshaji: haki zote ambazo kampuni ilikuwa nazo dhidi ya mkopaji sasa ni zake. Asichoruhusiwa ni kulipwa mara mbili. Akipata zote kwa mkopaji, muuza mchele arudishiwe chake.

Shauri kama hili, la fedha zisizozidi shilingi milioni 30, linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na miaka sita inahesabiwa kuanzia siku mwalimu alipolipa, si siku mkopo ulipochukuliwa. Mahakamani apeleke fomu ya udhamini, taarifa ya mkopo na ile stakabadhi. Mkopaji wa Mwanjelwa aliyeunguliwa kibanda hatakuwa na nyumba ya kukamatwa wala fedha benki, na mwalimu anajua hivyo kuliko hakimu. Lakini atakuwa amerudi sokoni na robota la mkopo mwingine, maana ndivyo wanavyofanya. Hapo mahakama inaweza kuamuru alipe kidogokidogo, labda 60,000 kwa mwezi, na kwa kiasi hicho ile 1,220,000 iliyobaki mikononi mwa mwalimu itachukua mwaka mmoja na miezi tisa hivi kabla haijaisha, bila kuhesabu ile ya muuza mchele, ambaye naye ana haki ya kuja kudai.